Nani Aliyemwondoa?

Mwaka 397 hivi, Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, alianza kuandika kitabu tunachokiita Maungamo. Ndani yake anamsimulia Mungu maisha yake tangu utotoni, nasi tunasomeshwa kitabu hicho kama mfano wa mtu aliyejieleza bila kujificha. Naamini sifa hiyo anastahili. Lakini nikikisoma kama mtu ambaye naye hujaribu kuandika habari zake mwenyewe, naona mahali ambapo hata yeye aliteleza. Mahali hapo panatufundisha zaidi kuliko pale alipofaulu.

Nianze na alipofaulu. Mwaka 383 alitaka kuhama kutoka Karthago kwenda Roma. Mama yake, Monika, alimfuata mpaka pwani akilia. Augustino akamwambia kwamba anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo, kisha usiku akapanda merikebu na kumwacha mama akiomba katika kanisa dogo karibu na hapo. Anapoandika tukio hilo hazunguki. Anasema wazi kwamba yeye alidanganya, na kwamba aliyemdanganya ni mama yake. Mtendaji yupo, tendo lipo, na aliyetendewa yupo.

Sasa tuje katika kitabu cha sita. Augustino yuko Milano, na kwa zaidi ya miaka kumi ameishi na mwanamke ambaye hawakufunga naye ndoa. Ndiye mama wa mwanawe Adeodato. Amechumbiwa binti wa familia yenye nafasi, na Monika ameishughulikia sana posa hiyo. Yule mwanamke sasa ni kizuizi. Hapo Augustino anaandika kwamba mwanamke huyo aliondolewa ubavuni mwake, na kwamba moyo wake uliokuwa umeshikamana naye ulijeruhiwa ukatoka damu. Mwanamke akarudi Afrika, akaweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, na mtoto akabaki kwa baba.

Aliondolewa na nani? Sentensi haisemi. Ni kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda. Tena tazama damu ni ya nani: anayeumia katika sentensi ile ni Augustino, wakati aliyefukuzwa na kutenganishwa na mwanawe ni mwingine. Ni haki tuseme kwamba katika sura hiyo hiyo anajilaumu vikali kwa kumchukua mwanamke mwingine wakati akisubiri binti aliyechumbiwa afikie umri wa kuolewa. Na kutomtaja jina mama Adeodato huenda kulikuwa namna ya kumsitiri. Lakini kosa la kumfukuza halina mwenyewe. Na jambo hilo limepewa sura moja fupi, ilhali wizi wa mapeazi alioufanya na wenzake akiwa na miaka kumi na sita umejaza karibu nusu ya kitabu cha pili. Alikuwa na sababu za kiteolojia za kuuchunguza wizi ule, maana alitaka kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kupenda uovu kwa ajili ya uovu tu. Hata hivyo, kosa dogo la ujanani ni rahisi kuliungama kwa kirefu, kwa kuwa halimdai mtu chochote leo.

Miaka thelathini hivi baadaye, mwaka 427 au karibu na hapo, Augustino mzee alikaa akapitia maandishi yake na kuandika kitabu kizima cha kuyasahihisha. Alipofika kwenye Maungamo alisimama kwenye kitabu cha nne, alikoeleza kifo cha rafiki yake wa ujana. Pale alikuwa ameandika kwamba nafsi zao mbili zilikuwa kama moja, na kwamba labda aliogopa kufa ili rafiki yake asife kabisa. Mzee akajihukumu: maneno yale yalikuwa ya msemaji anayejipamba kuliko ya mtu anayeungama kwa dhati. Akaongeza kwamba neno "labda" lilipunguza upuuzi huo kidogo. Ni wachache wanaoweza kujisoma hivyo.

Lakini katika mapitio yale hakurudi kwa yule mwanamke. Aliyaona mapambo, hakumwona mtenda aliyekosekana. Ndivyo ilivyo kwetu pia. Neno lililotiwa chumvi mwandishi huliona akilisoma tena, kwa sababu limeandikwa. Lililoachwa haliko kwenye karatasi, basi jicho hupita.

Nalijua hili kwa aibu. Nilipoombwa makala ya mkusanyiko huu, kwanza niliandika kuhusu mzee mmoja wa kanisa niliyemhudumia alipokuwa anakaribia kufa. Rasimu yangu ilisema: "Majukumu ya usharika yalinibana, ziara ikacheleweshwa. Nilipofika alinishika mkono, akanitazama kwa amani, nikajua amenisamehe." Niliipenda.

Kisha nikaifanyia rasimu yangu yale niliyomfanyia Augustino. Nilipigia mstari kila kitenzi kisicho na mtenda. "Ikacheleweshwa" na nani? Nikafungua daftari langu la ratiba la mwezi ule. Kati ya siku mke wake aliponitumia ujumbe kwamba mumewe anaomba Chakula cha Bwana na siku nilipokwenda, zilipita wiki tatu. Ndani yake kulikuwa na Alhamisi mbili ambazo sikuandika chochote. Nilikuwa na nafasi. Sikwenda kwa sababu mzee yule alinipinga mbele ya baraza kuhusu fedha za paa, nami sikutaka kukaa chumbani kwake.

Nikapigia mstari pia kila mahali nilipodai kujua moyo wa mtu mwingine. "Nikajua amenisamehe." Nilijuaje? Nikampelekea mjane wake ukurasa ule. Aliusoma mara mbili, akasema, "Baba Mchungaji, hakukutazama kwa amani. Siku ile alikuwa hatambui watu. Alikuwa anauliza huyu ni nani."

Nikarudi nyumbani nikaandika upya, na safari hii nikajilaumu kwa aya tatu. Nikampelekea tena. Akasema, "Sasa humu umejaa wewe tu." Alikuwa sahihi. Kujilaumu kwa kirefu nako hunipamba, maana msomaji anaanza kunihurumia mimi na kumsahau mzee aliyeomba mkate na divai alipokuwa bado anajua anachopokea. Kilichobaki ni sentensi mbili: Aliomba Chakula cha Bwana, nami sikwenda kwa wiki tatu kwa kuwa nilikuwa na kinyongo naye. Nilipokwenda alikuwa hanitambui tena.

Daftari lilinirudishia siku, mjane akanirudishia uso wa mumewe. Mengine yamepotea. Sikumbuki tena nilimwambia nini kando ya kitanda, na sitayatunga. Na si kila mwenye kushuhudia anaweza kuulizwa: kutoka kwa mama Adeodato hatuna neno hata moja.

Adamu alipoulizwa bustanini alimtaja mwanamke, kisha Mungu aliyempa mwanamke huyo, na tendo lake mwenyewe akalitaja mwisho. Kwa hiyo unapoandika ushuhuda wako, au barua ya kuomba radhi, usianze kwa kutafuta uongo. Huenda usiupate. Tafuta sentensi ambayo ndani yake jambo baya limetokea na hakuna aliyelifanya. Weka jina. Kisha mpe aisome yule aliyeumizwa, kama bado yupo.