Miongoni mwa Nani? Tahakiki ya Istilahi za Takwimu katika Mswada Mmoja

Mswada wa tafsiri ya somo la takwimu ulitufikia ili tuukague kabla haujapigwa chapa. Mfasiri ni mtu hodari, na Kiswahili chake ni fasaha. Hata hivyo katika sura ya vipimo viwili vinavyokwenda pamoja tumekuta sentensi ambazo, ingawa sarufi yake haina ila, zinampa msomaji jibu lisilo sahihi. Tahakiki hii yahusu sura hiyo peke yake.

Mfano unaotumika humo ni mashuhuri. Mwaka 1903 Karl Pearson na Alice Lee walichapisha vipimo vya urefu vya jamaa wa Kiingereza, na humo mna jozi 1,078 za baba na mwana wa kiume. Tukigeuza inchi kuwa sentimita na kukadiria, wastani wa baba ni sm 172, na wa wana ni sm 174.5. Mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni kama sm 7 kwa pande zote mbili. Urefu wa kila upande hufuata mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, na jozi zenyewe hufuata mgawanyo huo kwa pamoja.

Kosa la kwanza limo katika sentensi hii: "Uwiano wa baba na mwana ni 0.5." Msomaji aliyefundishwa hesabu shuleni analijua neno uwiano, ndilo atumialo kulinganisha kilo mbili na kilo nne. Kwa hiyo ataelewa kwamba mwana ana nusu ya urefu wa baba yake. Lakini namba 0.5 haisemi hivyo. Inasema kwamba baba akiuzidi wastani wa kina baba kwa michepuko miwili, basi wanawe, kwa wastani, watauzidi wastani wa wana kwa mchepuko mmoja. Neno "uhusiano" nalo halifai hapa, kwa kuwa uhusiano wa baba na mwana ni udugu wa damu, wala haupimwi kwa desimali. Sisi twapendekeza "uambatano", na namba yake iitwe "kipimo cha uambatano". Vitu vinavyoambatana huenda pamoja, na neno halidai kwamba kimoja ndicho kinachokivuta kingine.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mswada wauliza: "Ni upi uwezekano wa mwana kuzidi sm 186, baba akiwa na sm 186?" Mfasiri ametumia -ki- ya masharti, naye ana haki, maana sarufi yetu yaiita hali hiyo kwa jina hilo. Lakini -ki- ina kazi mbili. Tukisema "alifika mvua ikinyesha", hatuweki sharti lolote; twasema mambo mawili yalitukia kwa wakati mmoja. Mwalimu aliyeandaa majibu ya mazoezi ameielewa -ki- katika maana hiyo ya pili. Katika zoezi la baba waliozidi sm 186 amehesabu jozi ambazo baba amezidi kipimo hicho na mwana pia amezidi, akazigawa kwa jozi zote. Jibu lake ni kama 7 katika elfu. Hesabu yenyewe haina kosa, ila ni jibu la swali jingine.

Swali lenyewe lilitaka tuwaache baba wengine wote, tubaki na wale waliozidi sm 186 tu, ambao ni kama 23 katika elfu. Wale 7 tuliowapata wamo miongoni mwa hao 23. Kwa hiyo uwezekano ni kama asilimia 30, wala si 7 katika elfu. Namba ya juu ya sehemu haikubadilika. Iliyobadilika ni ya chini. Nalo neno la Kiswahili linaloonyesha mabadiliko hayo waziwazi tunalo: ni "miongoni mwa". Mfasiri na aandike: "Miongoni mwa wana ambao baba zao wamezidi sm 186, ni sehemu gani wamezidi sm 186?" Hapo hapana mwanafunzi atakayegawa kwa jozi zote.

Sasa tulirudie swali la baba mwenye sm 186 barabara. Hapa kugawa hesabu mbili hakufai, kwa kuwa uwezekano wa kupata baba mwenye sm 186 kamili, bila kuzidi wala kupungua hata kidogo, ni sifuri. Hutumika mgawanyo mpya, ule wa wana wa baba wa namna hiyo peke yao, ambao nao ni wa kawaida. Wastani wake huanzia kwenye wastani wa wana, ukaongezwa nusu ya ziada ya baba:

174.5 + 0.5 × (186 − 172) = 181.5

Mchepuko wake ni mdogo kuliko ule wa wana wote:

7 × √(1 − 0.5²) = 6.06

Kipimo cha sm 186 kiko sm 4.5 juu ya wastani huo mpya, yaani michepuko 0.74, na jedwali latupa uwezekano wa kama asilimia 23. Kama tusingejua lolote juu ya baba, uwezekano ungekuwa asilimia 5. Msomaji aone kwamba habari ya baba imeusogeza wastani kwa sm 7, lakini mtawanyiko umepungua kwa chini ya sm 1. Wana wa baba mrefu bado watofautiana sana wao kwa wao.

Mgawanyo huu mswada wauita "mgawanyo wa masharti". Jina hilo twalikubali, mradi maelezo yaseme kwamba sharti hapa si amri wala mapatano, bali ni habari tuliyokwisha kuijua.

Kosa la tatu ni "kurudi nyuma", maneno yaliyotumika kwa jambo ambalo Francis Galton alilieleza mwaka 1886: kwamba wana wa watu warefu sana huwa, kwa wastani, karibu zaidi na urefu wa kati kuliko wazazi wao. Msomaji atadhani kizazi chadidimia. Basi na ageuze swali. Miongoni mwa wana wenye sm 188.5, ambao wameuzidi wastani wao kwa michepuko miwili, wastani wa baba zao ni sm 179, yaani mchepuko mmoja tu juu ya wastani wa kina baba. Wana nao "wamerudi nyuma" kwa baba zao? Jambo hili halifuati wakati wala halina kisababishi. Latokana na uambatano usiofikia 1. "Kurejea wastani" kwatosha.

Jambo moja mswada haukulitaja, nasi twaomba liongezwe. Kanuni hizi mbili zategemea jozi kuwa za kawaida kwa pamoja. Haitoshi kila kipimo kuwa cha kawaida peke yake. Njia ya kukagua ni kuchora nukta za jozi zote, kuzikata kwa vipande vya wima, na kutazama kila kipande. Wastani wa vipande ukifuata mstari ulionyooka, na mtawanyiko ukawa sawa katika vyote, kanuni haina kizuizi hapo. Vipande vya upande mmoja vikipanuka kama kipepeo, ile 6.06 si ya kutegemewa, hata kama kipimo cha uambatano ni kilekile.

Twaurudisha mswada kwa mfasiri pamoja na masahihisho haya. Majibu ya mazoezi yahesabiwe upya kabla ya kitabu kupigwa chapa.