Uhakiki wa Mbinu ya Puls katika Upitishaji wa Mafuriko kwenye Lambo Dogo: Mfano wa Ushirombo

Katika tasnifu zinazohusu malambo ya mifugo, mbinu ya Puls hupimwa kwa swali moja: kilele cha mafuriko kimepungua kwa kiasi gani? Uhakiki huu unadai kwamba swali hilo pekee linaweza kumpotosha mtafiti.

Mbinu yenyewe ni mlinganyo wa ujazo:

I1 + I2 + (2S1/Δt − O1) = 2S2/Δt + O2

I ni maji yanayoingia, O yanayotoka na S ni ujazo uliopo juu ya kizingiti cha utoro. Upande wa kulia haujulikani, lakini S na O zote hutegemea kina juu ya kizingiti, h. Kwa hiyo jedwali moja la h hutosha kuzipata zote mbili.

Chukuliwe lambo la kukadiria katika mazingira ya Ushirombo, wilayani Bukombe, likiwa limejaa hadi kizingiti, kama inavyotarajiwa mvua za Novemba zinapokuwa zimeendelea hadi Machi. Eneo la maji ni hekta 8, utoro una upana wa mita 10, na O = 17h^1.5. Kwa kila nusu saa huingia 0, 10, 24, 18, 10, 4 na 0 m³/s. Katika saa ya kwanza thamani ya upande wa kulia ni 42.8, jedwali hutoa h ya mita 0.43 na mtoko wa 4.8. Hesabu ikiendelea, mtoko hufikia kilele cha takriban 12 muda mfupi kabla ya saa ya pili, kina kikiwa mita 0.79. Hapo ndipo mkondo unaoingia, ukiwa unashuka, unapokutana na unaotoka. Kilele kikiangukia kwingine, jedwali lina kosa, au Δt ni ndefu mno.

Sasa utoro uzibwe nusu kwa miiba na tope, au kwa makusudi ili maji yadumu kiangazi. Upana unabaki mita 5. Kilele cha mtoko kinashuka hadi takriban 8, na kwa kipimo cha tasnifu nyingi lambo limefanya kazi nzuri zaidi. Lakini kina kimefika karibu mita 1. Ikiwa tuta limeinuliwa mita 1 tu juu ya kizingiti, mawimbi yanatosha kulivusha maji, na tuta la udongo likianza kumomonyolewa kutoka juu, mlinganyo hauna tena maana, kwa kuwa O haifuati h peke yake.

Tope lililotuama chini ya kizingiti, ambalo hulaumiwa sana, halibadilishi chochote katika hesabu hii ikiwa lambo limeanza likiwa limejaa. Mtafiti anayeanza na lambo tupu ndiye anayelihitaji, na huyo huwa tayari amejipatia usalama ambao Machi hauna. Kwa hiyo h ya juu kabisa, pamoja na upana wa utoro uliopimwa uwanjani badala ya ule wa kwenye mchoro, vinastahili kuandikwa kabla ya asilimia ya kupungua kwa kilele.