Kivuguto Hakikustahili Kufukuzwa

Mtu mzima wa Mutaho anakunywa glasi kubwa ya maziwa asubuhi kabla ya kula chochote. Tumbo linajaa, linanguruma, na kabla saa mbili hazijapita anaharisha. Mnaujua mwenendo wa uchunguzi wake: maziwa yanaondolewa kwa wiki mbili na dalili zinakoma, yanarudishwa na dalili zinarudi, choo kinapimwa na giardia haionekani. Hadi hapo kazi ni safi, hasa pale ambapo kipimo cha pumzi hakipatikani. Kisha unakuja uamuzi ambao wengi wenu mmeuona ukiandikwa kwenye daftari la mgonjwa: aache maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa, anywe soya. Uamuzi huo ni kosa, kwa sababu umemnyang'anya mgonjwa kivuguto na samli bila ushahidi wowote dhidi ya vitu hivyo viwili, na umempa badala yake kinywaji chenye matatizo yake chenyewe.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo uamuzi ulipoteleza. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 5 za laktosi katika kila mililita 100, kwa hiyo glasi ya mililita 300 inaingiza gramu 15 kwa mkupuo katika tumbo tupu. Mtu ambaye utumbo wake mwembamba umepunguza kutengeneza laktasi, kama ilivyo kwa watu wazima wengi duniani, hawezi kuisaga sukari hiyo yote. Inayobaki inashuka kwenye utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaichachua na kutoa gesi. Lakini kupungua kwa laktasi si kwisha kwake. Mwaka 1995 Fabrizis Suarez, Dennis Savaiano na Michael Levitt waliwachukua watu 30 waliodai kuwa maziwa yanawaumiza vibaya. Kila siku wakati wa kifungua kinywa waliwapa mililita 240, wiki moja maziwa ya kawaida na wiki nyingine yaliyovunjwa laktosi, bila wao kujua ni yapi. Watu 21 kati yao walikuwa kweli hawaisagi laktosi vizuri, na bado tofauti ya dalili kati ya wiki hizo mbili ilikuwa ndogo mno. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya nayo ilieleza kwamba wengi wenye tatizo hili huvumilia hadi gramu 12 kwa mara moja bila dalili, au kwa dalili ndogo tu. Kazi ya namna ile ya Levitt, inayouliza kiasi gani kabla ya kupiga marufuku, ndiyo ninayoikosa katika mashauri ya siku hizi. Mgonjwa wetu alihitaji kuambiwa apunguze glasi, na asinywe kabla ya kula. Mililita 100 ndani ya chai, pamoja na muhogo au viazi, ni gramu 5 tu.

Sasa kivuguto. Bakteria wanaoyagandisha maziwa wanakula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, na kinywaji kizito hutoka tumboni polepole, hivyo laktasi kidogo iliyobaki inapata muda wa kufanya kazi. Mwaka 1984 Joseph Kolars, Levitt na wenzao walionyesha kwamba laktosi iliyoliwa ndani ya mtindi ilitoa kwenye pumzi takriban theluthi moja tu ya haidrojeni iliyotolewa na kiasi kilekile ndani ya maziwa. Bakteria wa mtindi wa kiwandani na wa kivuguto cha gisabo si walewale, kwa hiyo sidai kwamba matokeo yatalingana. Ninachodai ni kwamba kivuguto kilistahili kujaribiwa. Njia yake ni rahisi: chemsha maziwa, maana kuchacha peke yake si kinga ya kuaminika dhidi ya brusela. Yaache yapoe, tia kijiko cha kivuguto kizuri cha jana, kisha ngoja hadi yagande na kuwa makali. Kilichoganda asubuhi bado kina laktosi zaidi ya kilichokaa siku nzima. Aanze na nusu kikombe baada ya chakula kwa siku tatu, na kama tumbo limetulia aongeze. Akinunua, aulize kama muuzaji ameongeza unga wa maziwa ili kiwe kizito, kwa sababu karibu gramu 38 katika kila gramu 100 za unga huo ni laktosi. Nimekuwa nikilipinga kopo la maziwa ya unga kwa miaka mingi na sitaacha: mgonjwa anaambiwa ni laini kuliko maziwa ya ng'ombe, kumbe likikorogwa na maji ni laktosi ileile. Maziwa ya mbuzi nayo hayana nafuu ya maana. Samli, kinyume chake, haina laktosi ya kuhesabu.

Tuje kwenye soya. Soya haina laktosi, lakini ina rafinosi na stakiosi, sukari ambazo hakuna binadamu anayezisaga na ambazo huishia kwenye utumbo mpana zikitoa gesi. Mtu anayekula maharage kila siku tayari anazo za kutosha. Akiongeza soya ya nyumbani, tumbo linajaa tena, naye anaamini kwamba ugonjwa umezidi, kisha anaanza kukimbia mkate na hata vidonge vyake vya dawa kwa ajili ya laktosi kidogo mno iliyomo. Ndiyo maana wakati wa jaribio maharage yanapaswa kubaki kiasi kilekile kila siku, yakilowekwa usiku na maji yake kumwagwa. Soya ya nyumbani isiyoongezwa madini pia ina kalsiamu kidogo kuliko maziwa.

Wapo watakaosema kwamba kukataza vyote ni rahisi kufuata. Ni rahisi kuandika. Kila mililita 240 za maziwa yaliyofutwa zina karibu miligramu 300 za kalsiamu na gramu 8 za protini, pamoja na vitamini B12, ambayo ugali, ndizi, viazi na maharage havina, ingawa vyote ni salama kwake. Wengine watasema wapo wasiovumilia hata nusu kikombe. Ni kweli, na hao wapewe mbadala wa kweli: ndagala wa Tanganyika waliokaushwa, wanaoliwa na mifupa yao. Kiganja kimoja kinaweza kufikia kalsiamu ya glasi ya maziwa, nao wana B12. Uji wa ulezi unasaidia, na sombe pia ikitwangwa na kuchemshwa sawasawa. Lengalenga ni mboga nzuri, ila oksalati yake huzuia sehemu ya kalsiamu isifyonzwe. Marufuku kamili inabaki halali kwa mtu anayetoka vipele, kuvimba midomo au kubanwa kifua akinywa maziwa, maana huo ni mzio wa protini, na kivuguto nacho kingemdhuru. Anayepungua uzito, mwenye homa au damu kwenye choo, au anayeamshwa usiku na kuharisha, arudi kupimwa upya, kwa sababu laktosi haileti dalili hizo. Mgonjwa wetu hakuwa na hata moja kati ya hizo.