Faida Juu, Hisa Chini: Kilichoiangusha Bei ya Meta Aprili 2024

Kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa ya Marekani hutangaza matokeo ya fedha kila robo mwaka, na kwa kuwa nyingi hutangaza katika majuma yaleyale machache, kipindi hicho huitwa msimu wa matokeo. Kabla ya tangazo, wachambuzi huwa wamekwisha kutoa makadirio yao, na wastani wake ndio kipimo ambacho kampuni husemwa kuwa imekivuka au imeshindwa kukifikia. Kipimo hicho, hata hivyo, kinahusu robo iliyokwisha kupita, ilhali mnunuzi wa hisa hununua haki juu ya faida ya miaka ijayo.

Matokeo ya Meta, kampuni mama ya Facebook, yaliyotolewa tarehe 24 Aprili 2024 baada ya soko kufungwa, yanaidhihirisha tofauti hiyo. Mapato yalikuwa dola bilioni 36.46, ongezeko la asilimia 27, na faida kwa kila hisa ilifika dola 4.71 wakati wachambuzi walitarajia 4.32. Siku iliyofuata bei ya hisa, iliyokuwa dola 493.50, ilifunga kwenye 441.38. Ziada ya senti 39 ilijibiwa kwa anguko la dola 52.

Kilichosomwa kwa makini zaidi kilikuwa mwongozo, yaani makadirio ambayo kampuni yenyewe hutoa kuhusu kipindi kijacho. Meta ilitaja mapato ya kati ya dola bilioni 36.5 na 39 kwa robo ya pili. Katikati ya kiwango hicho ni bilioni 37.75, ambazo zingekuwa ukuaji wa takriban asilimia 18, na wachambuzi walikuwa wakingojea kama bilioni 38.3. Papo hapo makadirio ya matumizi ya mwaka kwa seva na vituo vya data, hasa kwa ajili ya akili mnemba, yalipandishwa kutoka bilioni 30–37 hadi 35–40, na kampuni ikaongeza kuwa mwaka 2025 yangezidi kupanda.

Nyongeza hiyo, bilioni nne kwa kupima katikati, ikigawanywa kwa hisa zipatazo bilioni 2.5, haifiki dola mbili kwa hisa, hivyo peke yake haielezi anguko la dola 52. Wawekezaji walikuwa wakikadiria upya miaka kadhaa kwa pamoja: ukuaji unaopungua, gharama zisizojulikana zitakoma lini, na mapato ya uwekezaji huo ambayo hayakuwa na tarehe. Isitoshe, hisa ilikuwa imekwisha kupanda kwa asilimia 39 tangu mwaka kuanza, kwa hiyo habari njema ilikuwa ndani ya bei kitambo.

Mwongozo nao si ahadi, na kampuni nyingi huutoa kwa tahadhari ili zisije zikaumbuka. Tarehe 31 Julai 2024 Meta ilitangaza mapato ya robo ya pili ya dola bilioni 39.07, juu ya kikomo cha juu kabisa ilichokitaja Aprili.