Nani Aliyetelekeza?

Jumatatu asubuhi dada mmoja wa uhasibu alinijia akilalamika kwamba barua pepe ya kazini haifunguki kwenye simu yake. Simu ni yake mwenyewe, aifoni, na sera yetu inataka simu ya namna hiyo isajiliwe kwanza kwenye Intune ndipo barua zifunguke. Nilipotafuta usajili wake kwenye mfumo, nilikuta andiko hili. Nimeondoa namba zinazomtambulisha.

```
"operatingSystem": "iOS",
"enrollmentType": "userEnrollment",
"deviceId": null,
"failureCategory": "userAbandonment"
```

Msimamizi mwenye haraka hurukia mstari wa mwisho, na mimi niliruka. Kwa Kiswahili neno hilo linasema mtumiaji ametelekeza, na kwetu hakuna anayetelekeza bila lawama: baba ametelekeza watoto, mkandarasi ametelekeza barabara. Tena angalia lilivyoundwa. Mtenda ametangulia, tendo likafuata, yote yakashonwa kuwa neno moja ambalo halina pa kupenyeza swali.

Sehemu hiyo ya failureCategory inaweza kubeba sababu 12, na ukizisoma kwa pamoja unaona jambo la ajabu. Nyingi hazina mtu ndani yake: deviceNotSupported inazungumzia kifaa, enrollmentRestrictionsEnforced inazungumzia masharti, ingawa masharti hayo aliyeyaweka ni msimamizi kama mimi. Mtumiaji anatajwa mara mbili tu. Kwenye userValidation yeye ndiye anayehakikiwa. Kwenye userAbandonment ndipo anapotenda, na tendo pekee analopewa ni kuacha.

Nikampigia. “Dada, mbona uliishia njiani?”

“Sijaishia njiani, kaka. Nimerudia mara tatu.”

Ikabidi nirudi kwenye maelezo rasmi ya neno lenyewe. Yanasema mtumiaji alianza usajili lakini hakuukamilisha kwa wakati. Kwa wakati! Hilo ndilo lililopotea pale sentensi ilipofupishwa kuwa neno. Maelezo yanazungumzia saa, neno linazungumzia tabia, na kwenye andiko nililolikuta mimi kulikuwa na neno tu.

Nilimwita akae karibu yangu, arudie huku natazama saa ya ukutani. Alifungua Company Portal, ikampeleka Safari, akabonyeza Allow, profaili ikapakuliwa. Simu ikamwambia kwa ufupi kwamba profaili imepakuliwa, aiangalie kwenye Settings akitaka kuisakinisha. Hapo mtu mwenye haraka angesoma “imepakuliwa” akadhani kazi imekwisha. Kumbe kwenye aifoni kupakua si kusakinisha: lazima utoke, uende Settings, uguse Profile Downloaded, ndipo usakinishe kwa namba yako ya siri. Usipofanya hivyo ndani ya dakika 8, simu huifuta profaili yenyewe. Yeye kila mara alikuwa amepakua, mteja akaja dirishani, akamhudumia, na aliporudi kwenye Settings ule mstari haukuwepo tena. Akaanza upya.

Sasa rudi kwenye mstari wa tatu, ambao mwanzoni niliupita kama nafasi tupu. Simu haina kitambulisho. Kama ingekuwa imesajiliwa ikashindwa masharti, tuseme haina namba ya siri, kitambulisho kingekuwepo na ningetafuta kosa kwenye masharti. Utupu ule ulikuwa unaniambia kwamba simu haikufika ndani kabisa. Mstari huo ulikuwa na habari kuliko ule wa mwisho, ila hauna neno la kuvuta jicho.

Nalo andiko alilokuwa akilisoma yeye upande wake alipojaribu kufungua barua lilikuwa na maneno haya: Your sign-in was successful. Anaambiwa amefaulu kuingia, halafu anazuiwa. Kwa hiyo tukio moja lina masimulizi mawili: simu inampongeza, kumbukumbu yangu inamlaumu, na hakuna linalotaja dakika 8.

Siwezi kusema neno hilo ni la uongo siku zote. Wapo wanaofika kwenye ukurasa wa faragha, wakaogopa kwamba bosi atasoma meseji zao za WhatsApp, wakafunga. Nao huandikwa vilevile. Ili kuwatenganisha inabidi ufungue ripoti ya Incomplete user enrollments, uone mtu aliishia hatua gani. Aliyeishia kwenye faragha anahitaji maelezo. Aliyeishia baada ya kupakua anahitaji saa.

Lugha yetu ina kauli ya kutendeka, inayokubali tendo litajwe bila kumbebesha mtu: kamba imekatika, chungu kimevunjika. Ingetosha kabisa hapa. Tangazo letu kwa wafanyakazi, ambalo nililiandika mwenyewe likaishia kwenye “pakua profaili”, nimeliongezea hatua ya Settings na zile dakika 8. Kwenye tiketi ya yule dada nikafuta userAbandonment, nikaandika: usajili ulikatika, profaili ilifutwa na simu kabla haijasakinishwa.