Kaa Arudi Shimoni

Kisa cha kumwimbia mtoto mchanga hakina nafasi ya shujaa. Anayekisikiliza haelewi maneno, na anayekiimba amechoka, tena huenda hata taa imekwisha kuzimwa. Hata hivyo wanawake wa pwani, wa bara na wa kila mahali wamezoea kutia kisa ndani ya bembea, na ukikichunguza utaona kimesukwa kwa hesabu kali kuliko mashairi mengi ya gazetini.

Chukua wimbo huu nilioutunga kwa namna yao, juu ya kaa aliyetoka maji yalipokupwa:

Kaa katembea
mbali na nyumbani.
*Polepole, mwana,
maji yanakuja.*

Kauliza chaza:
"Kwetu kuko wapi?"
*Polepole, mwana,
maji yanakuja.*

Wimbi likasema:
"Nitakupeleka."
*Polepole, mwana,
maji yanakuja.*

Kaa kaingia
shimo lake, kimya.
*Polepole, mwana,
maji yamekuja.*

Hesabu mizani: kila mstari una sita. Shairi la kawaida huenda kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, lakini hilo ni la msomaji aliyesimama na pumzi zake zote. Mwenye mtoto kifuani, kanga imembana mgongoni, hutoa mistari miwili kwa pumzi moja bila kutweta. Mkazo wa Kiswahili nao unamsaidia. Kwa kuwa hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kila mstari hapa unapanda kwenye silabi ya tano kisha unashuka: kate-*mbe*-a, nyu-*mba*-ni, *ku*-ja. Hiyo ya tano ndiyo unayoivuta, na hapo ndipo mwili unapoegemea upande wa pili. Neno la mwisho likiwa na silabi moja tu, mvuto huo unavurugika na mguu unajikwaa.

Kisa chenyewe lazima kiteremke. Tatizo kubwa kuliko yote liko mwanzoni kabisa, nalo ni dogo: kaa yuko mbali na kwao. Ubeti wa pili ndio wa hatari, maana una swali, na sauti ya swali hupenda kupanda. Ukiipandisha utaliona kosa papo hapo: macho yaliyokuwa yakififia yanafunguka na kukutazama mdomo. Dawa yake ni kuiimba "wapi" kwa sauti ileile ya chini uliyoiimbia "nyumbani". Chaza hajibu. (Nimemchagua kwa sababu hiyo; kaa angemuuliza kasuku, tungekesha.) Jibu linatoka kwa wimbi, na halisubirishwi hata ubeti mmoja.

Fundi hapendi kugusa kiitikio, kwa sababu hapo ndipo mtoto alipokwisha kuzoea. Kibadilishe kila mara na atakuwa anasikia kitu kipya kila mara. Ila mwishoni *yanakuja* imekuwa *yamekuja*. Ni silabi moja tu, lakini imefunga kisa kizima: maji yaliyokuwa njiani yamefika, na kaa yumo shimoni mwake, kama baadhi ya kaa wa ufukweni wanavyoingia maji yanapojaa.

Sasa kuna jambo ambalo watunzi wengi hulisahau: kisa hiki ukikiimba taratibu hakizidi dakika moja hivi, na mtoto halali kwa dakika moja. Watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walieleza mwaka 2022 kwamba kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye dakika 5 hivi humtuliza, na kwamba akishalala ni vyema mama akae naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Waliona pia kuwa kinachowagutusha wengi ni kule kuanza kutenganishwa na mwili wa mama, kabla hata hawajagusa kitanda.

Ndiyo maana bembea nzuri hutungwa ili iweze kuvuliwa maneno. Mzunguko wa kwanza unaimba yote, ukitembea. Wa pili, mistari ya kisa unaivumisha kwa midomo iliyofungwa, mizani sita zilezile, na kiitikio kinabaki na maneno yake. Ukiketi, achia "mwana" na maji yake, ubaki na *polepole* peke yake, kila moja ikichelewa kidogo kuliko iliyotangulia. Wimbo wenye kiitikio kirefu chenye fumbo hauvuliki hivi, na hapo mwimbaji hulazimika kurudi mwanzo.

Wakati wa kumlaza, usinyamaze ghafla. Endelea kuvumisha mikono ikishuka, na kiganja kibaki mgongoni mwake mistari miwili zaidi. Akishtuka, mrudishe kifuani na uanzie kwenye kiitikio. Kaa mwache hukohuko shimoni. Ukimtoa tena, mtoto naye atataka kujua anakwenda wapi.