Kurasa za Mwisho za Memwari: Namna ya Kupima Kiambatisho cha Regresheni

Memwari nyingi zinazotetewa Bunia huishia na kurasa zisizosomwa. Baada ya hitimisho na orodha ya vitabu huja kiambatisho: hojaji, ramani, halafu majedwali ya SPSS yaliyobandikwa kama yalivyotoka kwenye kompyuta, yakiwa na maandishi ya Kifaransa na desimali tatu. Msomaji anayejua kazi huanzia hapo. Sura ya matokeo imekwisha kupigwa pasi na msimamizi mara nyingi. Kiambatisho hakipigwi pasi, kwa hiyo ndicho kinachoonyesha kama mwanafunzi aliitazama modeli yake au aliipokea tu.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayojulikana sana Ituri. Mwanafunzi wa uchumi anataka kujua mapato ya mkulima wa kakao katika eneo la Mambasa yanategemea nini. Amewahoji wakulima 180 katika vijiji sita vya kando ya barabara ya taifa namba 4, vijiji ambavyo usalama uliruhusu kufika, wakulima 30 kila kijiji. Vigezo vyake ni ukubwa wa shamba kwa hekta, idadi ya miti, miaka ya mkulima katika kazi hiyo, na idadi ya watu nyumbani. Kinachotafutwa ni mapato ya msimu kwa dola.

Grafu ya kwanza kuitafuta ni ya mabaki, yaani tofauti kati ya mapato halisi ya kila mkulima na yale ambayo modeli ilimkadiria. Mabaki hukaa kwenye mhimili wa wima, makadirio kwenye mhimili wa mlalo. Kabla ya kutafsiri chochote, hakikisha grafu ni yenyewe. Katika dirisha la grafu la SPSS jina la kwanza kwenye orodha ni `DEPENDNT`, na mwenye haraka hubonyeza hilo badala ya `*ZPRED`. Matokeo yake ni mabaki yaliyochorwa dhidi ya mapato halisi, na grafu hiyo hupanda kuelekea kulia hata modeli ikiwa nzuri kabisa. Hesabu yake ni ya lazima: uhusiano kati ya mabaki na thamani halisi ni kipeuo cha pili cha 1 − R². Modeli yenye R² ya 0.36 itatoa uhusiano wa 0.8. Mwanafunzi huona mteremko huo akaandika kwamba modeli ina kasoro, au, vibaya zaidi, kwamba uhusiano wa mstari umethibitishwa. Mabaki dhidi ya makadirio hayawezi kuinama hivyo. Regresheni ya kawaida yenye kigezo cha mwanzo huufanya uhusiano wao kuwa sifuri kamili. Ukiona wingu zima limeinama, uliza mhimili wa mlalo ni upi.

Sasa tuseme mhimili ni sahihi. Kwa mapato ya kakao yaliyoachwa katika dola, karibu kila mara utaona nukta zimebanana upande wa kushoto, kisha zinafunguka kama tarumbeta kuelekea kulia. Wakulima wadogo wanafanana, wakubwa wanatofautiana sana. Hili wengi hulitambua, na kiambatisho cha kawaida huliweka wazi. Jicho la fundi hushuka chini zaidi, kwenye ukingo wa kushoto wa wingu. Pale kuna nukta tisa zilizojipanga kwenye mstari mnyoofu unaoteremka. Si bahati. Mkulima ambaye hakuuza chochote ana mapato sifuri, na baki lake ni hasi ya kadirio lake, kwa hiyo wote wa namna hiyo lazima waangukie mstari mmoja. Grafu imetuambia kwamba kati ya watu 180 kuna tisa wasiouza, jambo ambalo jedwali la wastani lililificha.

Ni nani hao? Mkakao huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo baadhi wana mashamba machanga. Wengine huenda walikimbia msimu wa mavuno ukawapita. Kiambatisho kizuri kinarudi kwenye hojaji tisa hizo na kusema.

Dawa ya tarumbeta inayofundishwa ni kuchukua logi ya mapato. Inafaa, lakini logi ya sifuri haipo. R itakataa papo hapo na kuandika `NA/NaN/Inf in 'y'`. SPSS ni mpole: hutoa onyo ambalo wachache husoma, huwaweka hao tisa kama data zinazokosekana, kisha huendelea na watu 171. Grafu mpya inapendeza, tarumbeta imetoweka, na ule mstari wa nukta tisa umetoweka nao. Kuanzia hapo memwari inazungumzia wakulima waliouza, si wakulima wa kakao wa vijiji sita. Hilo si kosa mradi limeandikwa. Kosa ni kichwa cha memwari kubaki vilevile.

Kuna njia ya kulinasa jambo hili hata kama mwandishi amenyamaza. Tazama namba za VIF, zile zinazopima jinsi kila kigezo kinavyoweza kutabiriwa na vigezo vingine. VIF hazijali kabisa kigezo tegemezi. Ukiwa na vigezo vilevile na watu walewale, modeli ya dola na modeli ya logi ya dola lazima zitoe VIF zilezile hadi desimali ya mwisho. Ikiwa jedwali la kwanza lina 1.314 kwa miaka ya kazi na la pili lina 1.287, basi watu wamebadilika katikati, na una haki ya kuuliza walikwenda wapi. Ni swali linaloweza kuulizwa kwa upole wote, “Mwanangu, modeli hii ya pili ina watu wangapi?”, na jibu lake hueleza mengi kuliko dakika kumi za maelezo.

VIF zenyewe ndizo sehemu ambayo viambatisho vingi huandikwa kwa mazoea. Sentensi ni ileile: VIF zote ziko chini ya 10, kwa hiyo hakuna tatizo. Kumi ni kanuni ya kukadiria tu. Wengine husema tano. Kinachofaa kusomwa ni maana yake. VIF ni 1 ikigawanywa kwa 1 − R², ambapo R² ni ya regresheni ya kigezo hicho juu ya vingine. Katika mfano wetu, hekta na miti nazo zikiwa zimechukuliwa kwa logi, logi ya hekta inaelezwa na logi ya miti na vigezo vingine kwa R² ya 0.91, hivyo VIF ni 11.1. Kipeuo chake ni 3.3: kosa sanifu la hekta ni zaidi ya mara tatu ya ambalo lingekuwapo kama hekta isingefungamana na kitu. Dalili yake huonekana katika sura ya matokeo: hekta si muhimu kitakwimu, miti si muhimu kitakwimu, lakini jaribio la F la modeli nzima linasema kitu fulani kina uzito mkubwa. Anayeandika “ukubwa wa shamba hauathiri mapato” kutokana na jedwali hilo amesoma ukungu kama utupu.

Hapa wanafunzi hutofautiana, na hapa ndipo napenda kukaa. Wa kwanza hufuta idadi ya miti, VIF inashuka, anaandika kwamba tatizo limetatuliwa. Hajatatua, sasa kigawo cha hekta kimebeba athari ya miti pia, na inabidi kisomwe hivyo. Wa pili hubadilisha miti kuwa miti kwa hekta, kwa logi:

```
d$msongamano <- d$miti / d$hekta
m <- lm(log(mapato) ~ log(hekta) + log(msongamano)
        + miaka + kaya, data = subset(d, mapato > 0))
nobs(m)
plot(fitted(m), rstandard(m))
car::vif(m)
```

VIF ya hekta inashuka hadi karibu na moja, kwa kuwa msongamano wa miti hautegemei sana ukubwa wa shamba. Lakini fundi anajua kwamba modeli hii ni ileile ya zamani iliyovaa nguo nyingine. Logi ya msongamano ni logi ya miti kutoa logi ya hekta, basi makadirio, mabaki na R² havibadiliki hata kidogo. Hakuna habari mpya iliyopatikana. Kilichobadilika ni swali: kigawo kipya cha hekta ni jumla ya vile viwili vya zamani, na jumla hiyo data zinaijua vizuri hata kama kila kimoja peke yake hazikijui. Kinajibu mapato hupanda kiasi gani shamba likipanuliwa kwa upandaji uleule, na mkulima wa Mambasa huuliza hivyo hasa. Kiambatisho kinachoweka modeli mbili kando kwa kando, na kusema waziwazi kwamba R² ni ileile, kimeandikwa na mtu anayeelewa.

Mambo mengine yapite haraka. Jaribio la Shapiro-Wilk lililofanywa juu ya mapato au umri badala ya mabaki halina kazi pale. Regresheni haidai vigezo viwe na mgawanyo wa kawaida. Na kwa mabaki ya watu 171, mkia unaopinda kidogo kwenye grafu ya mgawanyo wa kawaida hautikisi kigawo chochote.

Namba ya Durbin-Watson inastahili neno zaidi, kwa sababu imezagaa. Ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa data zinazofuatana kwa wakati. Kwa wakulima waliohojiwa mara moja, inapima mpangilio wa mistari ya faili tu: changanya mistari na utapata namba nyingine. Hata hivyo huwa na ucheshi wake. Faili ikiwa imeingizwa kijiji baada ya kijiji na namba ikawa 1.2, kisha ikarudi karibu na 2 baada ya mistari kuchanganywa, imegusa jambo la kweli bila kukusudia: mabaki ya kijiji kimoja yanafanana.

Hilo huonekana wazi zaidi kwa kuchora mabaki kijiji kwa kijiji, masanduku sita kwenye grafu moja. Sanduku la kijiji kilicho karibu na wanunuzi litakaa juu ya sifuri. La kijiji ambacho pikipiki hufika kwa taabu wakati wa mvua litakaa chini. Wakulima 30 wa kijiji kimoja wanapata bei moja na njia moja, kwa hiyo hawahesabiki kama mashahidi 30 wanaojitegemea. Makosa sanifu ya kawaida yatakuwa madogo mno kwa kigezo chochote kinachofanana ndani ya kijiji. Wapo watakaokimbilia makosa sanifu yaliyorekebishwa kwa makundi, lakini makundi sita ni machache mno kwa njia hiyo kuaminika. Afadhali kuingiza vijiji vyenyewe kama vigezo vitano vya ndiyo na hapana, kimoja kikiachwa kuwa cha kulinganishia, na kukubali kwamba umbali wa kijiji hadi sokoni hauwezi kupimwa humo, kwa sababu umemezwa na vigezo vya vijiji. Sentensi hiyo ya kukubali inapaswa kuwa katika sura ya matokeo, chini ya jedwali, pamoja na namba ya ukurasa wa kiambatisho penye masanduku sita.